Cheti cha uasili: Kiombe kabla mzigo haujaondoka Nairobi

WAAGIZAJI wengi wa bidhaa kutoka nchi jirani wamezoea kusikia kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa hazitozwi ushuru wa forodha. Kauli hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu. Kinachosamehewa ushuru ni bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama kwa mujibu wa Kanuni za Uasili wa Bidhaa za Jumuiya, na ambayo mwenyewe anaweza kuthibitisha hivyo kwa hati. Bidhaa iliyonunuliwa Nairobi si lazima iwe bidhaa ya Kenya, na hata ile iliyotengenezwa Kenya hutozwa ushuru kamili mpakani iwapo hati hiyo haipo.

Hati inayozungumziwa hapa ni cheti cha uasili wa bidhaa. Makala haya yanaeleza namna mfanyabiashara wa Tanzania anayenunua bidhaa za kiwandani nchini Kenya anavyopaswa kukiomba cheti hicho kwa muuzaji wake, wakati gani, na mambo gani ya kukagua kabla ya kukikabidhi kwa wakala wa forodha.

Msingi wa nafuu hii ni Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki iliyotiwa saini Machi 2004 na kuanza kutekelezwa Januari 1, 2005. Kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, nchi wanachama hutumia viwango vya pamoja vya ushuru, ambavyo tangu Julai 2022 ni vinne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Malighafi nyingi ziko katika kiwango cha chini, na bidhaa zilizokamilika tayari kwa mlaji ziko katika viwango vya juu. Zipo pia bidhaa chache zilizotengewa viwango vya pekee. Bidhaa yenye uasili wa Jumuiya haiingizwi katika viwango hivyo.

Kwa nini cheti hakitafutwi na mnunuzi

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mnunuzi hawezi kujitafutia cheti hiki mwenyewe. Hutolewa katika nchi inakotoka bidhaa, na kwa Kenya mamlaka inayokitoa ni Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo (KRA). Mwombaji ni muuzaji anayepeleka bidhaa nje. Yeye ndiye anayetamka kwamba bidhaa ni ya Kenya na ndiye anayetakiwa kuthibitisha tamko hilo.

Sababu yake ni rahisi. Uasili hupimwa kwa namna bidhaa ilivyotengenezwa, na taarifa hizo ziko kiwandani. Bidhaa kama chai, mboga au madini yaliyochimbwa nchini huhesabiwa kuwa imezalishwa huko kikamilifu, na haina maswali mengi. Ugumu huanza pale kiwanda kinapotumia malighafi kutoka nje ya Jumuiya. Hapo kanuni za mwaka 2015 huuliza kama malighafi hiyo imegeuzwa vya kutosha hata ikawa kitu kingine.

Vipimo viwili hutumika mara nyingi. Cha kwanza hutazama namba ya ushuru ya bidhaa, ile inayotumiwa na forodha ulimwenguni kote kuainisha bidhaa. Iwapo tarakimu nne za mwanzo za malighafi ni tofauti na zile za bidhaa iliyokamilika, huhesabiwa kwamba kazi ya kweli imefanyika. Cha pili hutazama thamani. Kwa bidhaa nyingi malighafi ya kutoka nje ya Jumuiya haipaswi kuzidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa kiwandani. Jedwali la kanuni ndilo linaloonyesha kipimo kipi kinahusu bidhaa ipi.

Chukua mfano wa ndoo ya plastiki. Chembechembe za plastiki za aina ya polipropilini zina namba inayoanza na 3902, na ndoo ya nyumbani ina namba inayoanza na 3924. Kwa kipimo cha kwanza, kiwanda cha Nairobi kinachoyeyusha chembechembe zilizotoka Uarabuni na kufinyanga ndoo kimezalisha bidhaa mpya. Kwa kipimo cha pili, tuseme ndoo inauzwa kiwandani kwa shilingi 150 za Kenya, na chembechembe na rangi kutoka nje vimegharimu shilingi 90. Hiyo ni asilimia 60, hivyo ndoo inapita. Gharama hiyo ikipanda hadi shilingi 110 bila bei ya ndoo kubadilika, inakuwa zaidi ya asilimia 73, na kwa kipimo cha thamani ndoo ile ile haipiti tena. Iwapo sehemu ya malighafi imetoka Uganda au nchi nyingine mwanachama na yenyewe ina uasili wa Jumuiya, huhesabiwa kama ya Kenya.

Kuna kazi ambazo haziipi bidhaa uasili hata zikigharimu kiasi gani. Kufungasha upya, kubandika lebo, kujaza chupa, kuchambua na kuunganisha vipande kwa njia rahisi ni baadhi yake. Mfanyabiashara aliyeleta sukari au taulo kutoka mbali na kuzitia katika mifuko yenye jina lake hajazifanya kuwa bidhaa za Kenya.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuagiza

Kwa kuwa cheti kiko mikononi mwa muuzaji, wakati wa kukiomba ni kabla ya kukubaliana bei. Mwagizaji aliyekwisha kulipa fedha zote hana tena cha kumhimiza muuzaji.

Swali la kwanza ni kama muuzaji ndiye mtengenezaji. Akiwa ni mwenye dula la jumla anayenunua kiwandani, atahitaji tamko na taarifa za gharama kutoka kwa mtengenezaji kabla ya kuomba cheti, na viwanda vingi havipendi kumwonyesha mchuuzi gharama zao. Yapo maduka yanayojibu kwamba cheti kitakuja, kisha mzigo unafika mpakani bila hati.

Swali la pili ni kama bidhaa imetengenezwa katika eneo maalumu la uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje, au kwa malighafi iliyosamehewa ushuru kwa masharti kwamba bidhaa iuzwe nje ya Jumuiya. Bidhaa ya namna hiyo ikiuzwa ndani ya Jumuiya hutozwa ushuru kamili, hata kama imetengenezwa kwa ustadi na kazi nyingi. Waagizaji wengi hukosa kuuliza jambo hili, kwa kuwa kiwanda ni cha kweli, kipo Nairobi au Mombasa, na lebo inasema imetengenezwa Kenya.

Swali la tatu ni namba ya ushuru atakayoandika. Namba hiyo iangaliwe pia na wakala wa forodha wa hapa nchini kabla ya cheti kuombwa. Muuzaji akiandika namba moja na tamko la Tanzania likiwa na nyingine, ofisa wa forodha ana haki ya kuuliza kama cheti kinahusu bidhaa iliyo mbele yake.

Majibu yakiridhisha, ombi liwekwe katika maandishi ndani ya hati ya kuagiza bidhaa, wala lisiachwe kwenye simu. Maneno yake yanaweza kuwa kama haya:

"Tunaomba mtupatie cheti cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizotajwa katika agizo hili. Cheti kitaje jina na anwani yetu kama zilivyo katika agizo, namba na tarehe ya ankara yenu, maelezo ya bidhaa, namba ya ushuru tuliyokubaliana na uzito. Bidhaa ambazo hazina uasili wa Jumuiya ziandikwe katika ankara ya peke yake. Nakala ya cheti itufikie kabla mzigo haujapakiwa. Asilimia 30 ya malipo itatolewa baada ya kupokea nakala hiyo. Cheti kikikosekana au kikikataliwa kwa sababu ya maelezo yenu, ushuru tutakaotozwa utakuwa juu yenu."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazobeba uzito. Asilimia inaweza kuwa yoyote mtakayokubaliana, lakini izidi faida ambayo muuzaji angeipata kwa kuacha kushughulikia cheti. Muuzaji anayekataa kabisa masharti hayo ametoa jibu juu ya uasili wa bidhaa yake, na bei yake ihesabiwe upya pamoja na ushuru.

Hesabu ya mzigo mmoja

Tuchukulie mfanyabiashara wa Arusha anayeagiza kutoka Nairobi ndoo na mabeseni ya plastiki yenye thamani ya forodha ya Sh40 milioni. Thamani ya forodha ni bei ya bidhaa pamoja na nauli na bima ya kuufikisha mzigo. Tuseme pia kwamba bidhaa hizo ziko katika kiwango cha asilimia 25, na tuache kando tozo nyingine ndogo.

Bila cheti, ushuru wa forodha ni Sh10 milioni. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya Sh50 milioni, nayo ni Sh9 milioni. Jumla ni Sh19 milioni.

Kwa cheti, ushuru ni sifuri. VAT hutozwa juu ya Sh40 milioni pekee, nayo ni Sh7.2 milioni. Tofauti ni Sh11.8 milioni kwa mzigo mmoja. Mwagizaji aliyesajiliwa kwa VAT anaweza kuidai kodi hiyo katika ritani zake, hivyo kwake hasara ya kweli ni ule ushuru wa Sh10 milioni. Asiyesajiliwa hubeba zote, na hatimaye mnunuzi wa beseni sokoni ndiye anayezilipa.

Sasa tuseme muuzaji huyo huyo ana chupa za chai kutoka China, na mfanyabiashara ameongeza chupa za Sh12 milioni katika lori lile lile. Chupa hizo zilikwisha kulipiwa ushuru Mombasa, na wengi hudhani kwamba hilo linatosha. Halitoshi. Ushuru uliolipwa Kenya ni mapato ya Kenya, na kulipwa kwake hakuifanyi bidhaa ya China kuwa ya Jumuiya. Kwa kiwango cha asilimia 25 chupa hizo zitatozwa ushuru wa Sh3 milioni, na VAT ya Sh2.7 milioni juu ya Sh15 milioni.

Kwa hiyo kodi za lori zima, ndoo zikiwa na cheti na chupa zikitozwa kikamilifu, ni Sh12.9 milioni. Bila cheti zingekuwa Sh24.7 milioni. Hatari iko pale muuzaji anapoandika ndoo na chupa katika ankara moja, kisha cheti kikataja ankara nzima. Cheti hicho kimesema uongo juu ya chupa, na ofisa akiligundua hilo atakuwa na sababu ya kutilia shaka hata ndoo. Ndiyo maana ombi la hapo juu linataka ankara mbili.

Wakati na ukaguzi wa cheti

Tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya zimekuwa zikitumia utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha. Chini ya utaratibu huo, tamko la kuingiza bidhaa hufanywa katika nchi ziendako, na kodi hulipwa kwa kawaida kabla mzigo haujaondoka nchi zitokako. Mfanyabiashara wa Arusha akingoja cheti kije na dereva hadi Namanga, wakala wake atakuwa amekwisha kukadiria kodi bila cheti, au lori litakuwa limesimama Nairobi likingoja. Nakala ikifika mapema, kosa lolote husahihishwa na aliyelitenda akiwa bado karibu na ofisi iliyotoa cheti.

Ukaguzi wa nakala hiyo hauhitaji utaalamu mkubwa. Weka mezani cheti, ankara, orodha ya vifurushi na hati ya usafirishaji, kisha vilinganishe mstari kwa mstari. Jina la mpokeaji liwe moja katika hati zote. Namba na tarehe ya ankara iliyotajwa katika cheti iwe ile iliyomo katika ankara yenyewe. Mara nyingi muuzaji huomba cheti kwa kutumia ankara ya makadirio, kisha hutoa ankara ya mwisho yenye namba nyingine, na hapo cheti hubaki bila mzigo wake.

Uzito na idadi vilingane na orodha ya vifurushi. Maelezo ya bidhaa yawe ya kutosha kumwezesha ofisa kuitambua bidhaa kwa macho: "ndoo za plastiki za lita 20" inafaa, "bidhaa za nyumbani" haifai. Sehemu ya kigezo cha uasili isiwe tupu, na isidai kwamba ndoo imezalishwa kikamilifu nchini wakati chembechembe zake zimetoka nje. Mwisho, pawepo tamko la muuzaji, na uthibitisho wa mamlaka iliyokitoa pamoja na tarehe. Maneno yaliyofutwa na kuandikwa upya bila kuthibitishwa na mamlaka hiyo ni sababu ya kutosha kukirudisha.

Makosa madogo ya uandishi hayapaswi peke yake kuua cheti kama ni dhahiri kwamba hati zinahusu mzigo mmoja. Hata hivyo, kulithibitisha hilo mbele ya ofisa huchukua siku, na siku za lori kusimama zina gharama zake.

Ofisa akiwa na shaka ya msingi, forodha ya Tanzania inaweza kuwaandikia waliotoa cheti ili wathibitishe kwamba ni chao na kwamba maelezo yake ni sahihi. Wakati wa kungoja jibu, mwagizaji anaweza kuomba mzigo uachiwe kwa kuweka dhamana inayolingana na ushuru unaobishaniwa. Wakala aombe njia hiyo kwa maandishi badala ya kuacha mzigo ukae.

Mzigo ukishatozwa

Iwapo ushuru umelipwa na cheti halali kikapatikana baadaye, mlango haujafungwa moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kudai kurejeshewa ushuru uliolipwa kimakosa, na dai hilo sharti lifanywe ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo. Ugumu wake ni kwamba mdai atatakiwa kuthibitisha kuwa cheti kinahusu bidhaa zile zile ambazo huenda zimekwisha kuuzwa. Ahifadhi basi hati zote za safari hiyo, na asihesabu fedha hizo kama zimekwisha kurudi.

Kinyume chake nacho hutokea. Mzigo unaweza kupita bila ushuru, kisha wakaguzi wakafika ofisini baada ya miaka miwili na kutaka kuona cheti. Sheria inaipa forodha miaka mitano ya kudai nyaraka za bidhaa zilizoingizwa. Ikibainika kwamba cheti hakikuwa cha kweli, anayedaiwa ushuru ni mwagizaji aliyepo Tanzania, kwa kuwa muuzaji wa Nairobi yuko nje ya mikono ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hapo ndipo sentensi ile ya mwisho ya barua ya kuagiza inapokuwa na thamani: bila makubaliano ya maandishi, mwagizaji hana pa kumdai muuzaji.

Kwa wafanyabiashara wadogo upo utaratibu mwepesi zaidi. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kuvushwa kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa na forodha hapo hapo mpakani, bila muuzaji kulazimika kuomba cheti cha kawaida. Masharti ni kwamba bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya, na iwe katika orodha ya bidhaa zinazokubaliwa, ambayo hupatikana katika vituo vya mpakani. Wanaonunua magunia machache ya maharage au katoni za sabuni wakiulizie cheti hicho kwa ofisa kabla ya kumkabidhi mtu mwingine mzigo wao auvushe.

Viwango vya ushuru hupitiwa kila mwaka, na mabadiliko huanza kutumika Julai 1 pamoja na bajeti. Mara nyingine nchi moja huruhusiwa kutumia kiwango tofauti na cha pamoja kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja. Hivyo hesabu iliyofanywa kwa mzigo wa Mei isitumiwe kwa mzigo wa Agosti. Mwagizaji amwombe wakala wake kiwango cha siku hiyo kwa namba kamili ya ushuru, na kwa namba hiyo hiyo ndipo amwandikie muuzaji kuomba cheti.